Upepo wa Tairi la Nyuma

Alfajiri ile nilisikia sauti ya fsss nje ya ukuta wa jikoni, nikadhani maziwa yanafurika kwenye mafiga. Nikainuka na kufunua sufuria. Maziwa yalikuwa yametulia. Nikachukua kibatari nikatoka, nikamkuta mkwe wangu Tadeo amechuchumaa kando ya pikipiki, kidole kwenye valvu ya tairi la nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unafanya nini gizani?"

"Napunguza upepo kidogo, mama. Nalainisha, ili barabara isikuumize."

Hakunitazama. Tangu amwoe binti yangu Zita alikuwa ananiheshimu kiasi kwamba akizungumza nami huongea na miguu yangu. Nilijibu ahsante, nikarudi ndani kufunga mizigo.

Wakati ule Tadeo alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali, upande wa Basotu. Alikuwa amefika kwangu, kijijini Daudi, jana yake jioni na pikipiki ya karakana, akiwa na barua ya Zita mfukoni. Zita alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wa kwanza, siku sita zilizopita. Aliandika: "Mama, mtoto anakataa titi. Nesi anasema nivumilie. Mimi nakutaka wewe." Basi la upande ule lilikuwa halina safari hadi Alhamisi, na ile ilikuwa Jumanne. Kwa hiyo ilikuwa pikipiki au kungoja, na mtoto wa siku sita hangoji.

Nilifunga unga wa uji, samli, vitenge viwili vikuukuu vya kumfunika mtoto, na gunia dogo la viazi, maana Zita anapenda viazi vya nyumbani. Tadeo aliinua gunia, akalipima kwa mikono, akafungua mdomo kisha akaufunga. Akalifunga kwenye keria nyuma kabisa.

Nikapanda upande upande kama tulivyokuwa tunapanda wanawake siku hizo. Sasa, mtu hawezi kumshika mkwewe kiuno. Nikasogea nyuma hadi mgongo ukagusa gunia, nikashika chuma cha keria, na kati yangu na Tadeo kukabaki nafasi ya kumlaza mbuzi.

Hadi Mbulu mjini tulikwenda vizuri, au niseme nilikuwa bado nimesinzia. Tulipoanza kuteremka kuelekea Dongobesh nikaamka kabisa. Kila kona, nyuma ilikuwa inakwenda njia yake na mbele njia yake. Tadeo akipinda kushoto, mkia unasita, halafu unafuata kwa kujivuta, kama ng'ombe anayekataa kuingia zizini. Kwenye changarawe usukani ulikuwa mwepesi hata yeye akawa anausahihisha kila mara.

"Baba, hii pikipiki imelewa?"

"Ni barabara tu, mama."

"Barabara hii naijua tangu sijaolewa. Haijawahi kuyumba."

Akapunguza mwendo. Kona iliyofuata tuliteleza hadi ukingoni, karibu na shimo la maji, tukasimama mguu wake ukiwa chini na mimi nimeng'ang'ania keria. Sikupiga kelele. Nilingoja hadi tumeingia Dongobesh, mbele ya maduka, nikashuka.

"Mimi nimefika," nikasema.

"Mama, bado ni mbali."

"Wewe endelea. Mimi natafuta lori la kurudi Daudi. Alhamisi nitakuja na basi."

Tadeo akavua kofia. Kwa mara ya kwanza aliniangalia usoni, na macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi na kwa kukosa usingizi. "Zita atasema nimekuacha njiani," akasema.

Pale pale palikuwa na gereji ndogo ya Selemani, fundi wa baiskeli na pikipiki, na mkewe Sauda alikuwa na duka la nafaka mlango wa pili. Selemani alikuwa ametuona tunaingia. Akaja anafuta mikono kwa kitambaa, akatuamkia, kisha akaweka kiganja juu ya tairi la nyuma na kukiondoa haraka.

"Juu ya hili mngeweza kukaanga mayai," akasema. "Nani amejaza upepo?"

"Hakuna aliyejaza," nikasema. "Mkwe wangu ametoa."

"Ametoa? Na watu wawili na gunia juu?"

Tadeo akajieleza. Shambani, alisema, trekta likiingia kwenye udongo mlaini wanapunguza upepo, tairi linatanuka, linashika vizuri, na dereva harushwirushwi. Basi akaona na mama asirushwe.

"Umewahi kulima barabara ya Mbulu?" Selemani akamuuliza.

"Hapana."

"Basi usiilimie mama mkwe wako. Trekta linatambaa kwenye udongo. Hapa uko mwendo wa kilomita arobaini juu ya changarawe. Ukiongeza mzigo unaongeza upepo wa nyuma, huupunguzi. Tairi lisilo na upepo wa kutosha linajikunja mbavu kila linapozunguka, ndiyo maana limepata moto, ndiyo maana mkia unacheza kwenye kona."

Akachomeka kipima upepo. "Pauni ishirini na moja, na huu ni upepo wa moto. Ukipoa utarudi kumi na nane. Tutangoja, maana upepo wa moto unadanganya." Halafu akatuonyesha valvu. Badala ya kusimama wima ilikuwa imelala upande kama mtu amechoka. Tairi legelege lilikuwa limeteleza kidogo juu ya rimu na kuvuta mpira wa ndani. "Kilomita chache zaidi ingekatika shingoni, na upepo wote ungetoka kwa mkupuo."

Nikakaa kwenye benchi. Nilikuwa na hasira, nisiseme uongo. Selemani akalizungusha gurudumu polepole, na mimi nikawa naangalia kwa kukosa cha kufanya. Hapo akasema, "Tairi ni jipya hili, lakini tazama linavyolika. Katikati meno yote yapo. Pembeni huku na huku yamekwisha. Hii si kazi ya leo. Kijana, umekuwa unatoa upepo muda gani?"

Tadeo akasugua kisogo. "Tangu Zita apate mimba. Nikimpeleka kliniki natoa. Alikuwa anaumwa mgongo."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Miaka ile tairi jipya lilipatikana kwa kibali na kwa kuomba, na yeye alikuwa ameliacha liishe kingo ili mke wake asiumie mgongo. Binti yangu alikuwa hajaniandikia neno hata moja juu ya mgongo, wala juu ya mtu anayeulainishia njia. Hasira ikaanza kunitoka taratibu, ingawa sikumwonyesha mtu.

Sauda akaleta chai na mihogo ya kuchemsha. Selemani akasema kuna swali lazima aulize, na anaomba radhi kabla. "Mama, una kilo ngapi?"

Tadeo akageuka kuangalia ukuta.

"Swali hilo huyu alipaswa kuniuliza kule Daudi," nikasema.

"Ningekuulizaje, mama?" Tadeo akauambia ukuta.

Kumbe asubuhi, alipofungua mdomo na kuufunga, ndilo lililomkwama. Sauda akanishika mkono akanipeleka kwenye mizani yake ya maharage. Nikapanda na koti langu na viatu.

"Sabini na sita," Sauda akatangaza. "Lakini mama, koti pekee ni debe la mahindi."

"Andika koti," nikasema. "Mimi usiniandike."

Gunia la viazi lilikuwa kilo kumi na tano, mizigo mingine kumi na mbili, Tadeo mwenyewe sitini na mbili. Selemani akajumlisha kidoleni. "Pikipiki hii mwisho wake kilo mia moja na hamsini, watu na mizigo. Upepo haurekebishi kilichozidi. Viazi vinabaki."

"Zita anavipenda," nikasema.

"Zubery anapita kesho na lori la ngano. Ni shemeji yangu. Vitafika vyote, labda kipungue kimoja atakachochoma njiani."

Kisha akatoa upepo uliobaki, akalisukuma tairi hadi valvu ikasimama wima, akakagua mpira wa ndani, akauona mzima. Tairi lilikuwa limepoa. Akapiga pampu ya mguu hadi thelathini na mbili. La mbele lilikuwa ishirini na nne, akaongeza moja tu. "Ukiwa peke yako, nyuma ishirini na nane yatosha," akamwambia Tadeo. "Ukisahau ukaliacha gumu, litakurusha, na litalika katikati badala ya pembeni. Pima asubuhi kabla hujatembea. Namba hizi hapa, zimeandikwa kwenye kifuniko cha mnyororo, ungefuta tope ungeziona."

Tadeo akafuta tope kwa mkono. Kweli namba zilikuwepo.

"Jambo la mwisho ni heshima yenu," Selemani akasema. "Mama, umekaa wapi?"

Nikamwonyesha.

"Heshima yote imekaa nyuma ya ekseli. Ndiyo sababu mbele ni nyepesi. Sogea karibu, na ukae miguu huku na huku."

Mimi na Tadeo tukatazama chini wote wawili. Sauda akacheka hadi akaweka kikombe. Akaingia ndani akatoka na suruali yake ya kuvaa chini ya gauni, akaniambia niende nayo, nitairudisha Mungu akipenda. Halafu akachukua mfuko wangu wa unga wa uji akauweka juu ya kiti, kati ya nafasi yangu na ya Tadeo. "Huyu ndiye mshenga," akasema. "Mama ashike mshenga, mshenga amguse kijana. Hakuna aliyemkosea mwenzake."

Nikamwambia Tadeo, "Washa."

Barabara ilikuwa ile ile na mashimo yalikuwa yale yale. Niliyahisi zaidi, tairi lilikuwa gumu na mgongo wangu ulijua. Lakini kwenye kona pikipiki ililala na kuinuka kama kitu kimoja, na usukani ulimtii. Tadeo akawa anaita kila shimo kabla hatujalifikia: "Shimo, mama. Jiwe, mama." Alikuwa amepata njia nyingine ya kunilainishia.

Tulifika saa kumi, ngano ikiwa imenyooka hadi macho yanakoma. Zita alilia aliponiona. Nilimlaza mtoto tumbo kwa tumbo na mamaye, nikamwinua kidogo, nikangoja afungue mdomo wote. Mara ya tatu akashika. Tadeo alikuwa mlangoni na kipima upepo alichonunua kwa Selemani, anajifanya anakikagua, na mabega yake yakashuka.

Nilikaa mwezi mmoja. Siku ya kuondoka nilipanda lori la Zubery, maana shamba lilikuwa kwenye mavuno na Tadeo hakupewa ruhusa hata ya nusu siku. Alikuja mbio kutoka shambani, nywele zimejaa makapi, akasimama chini ya dirisha la lori. Alinitazama usoni.

"Mama, mavuno yakiisha uje tena," akasema. "Hata kama hakuna mtoto mchanga. Uje tu kututembelea."