Diski Iliyojaa Nusu

Boya lilikuwa limekaa miezi kumi na moja chini ya barafu likirekodi nyangumi. Lilipoibuka asubuhi ile, betri yake ilikuwa na dakika arobaini za kutuma rekodi zake kwa redio. Kisha litanyamaza na kuchukuliwa na mkondo. Huko Tromsø, kaskazini mwa Norwe, seva, ile kompyuta ya kupokea na kuhifadhi rekodi, ikalikatalia faili ya kwanza: diski imejaa.

Ragnhild, fundi wa mitambo, akaangalia. Nusu ya diski ilikuwa tupu.

"Kipimo kinadanganya," alisema. "Nifute kitu kikubwa."

"Kikubwa ni faili moja yenye rekodi zangu zote za mwaka jana," alisema Torgeir, mtafiti. "Sina nakala nyingine."

"Zimebaki dakika thelathini na tatu, bwana."

"Basi futa, mama, kabla sijabadili mawazo!"

Alifuta. Robo tatu ya diski sasa ilikuwa tupu, na boya likakataliwa tena.

Hapo tu ndipo Ragnhild alipokagua alichopaswa kukagua mwanzo: rejista ya faili. Diski inapoandaliwa hupewa idadi maalumu ya mistari ya rejista, na kila faili, iwe kubwa au ndogo, hula mstari wake. Mistari milioni sitini na moja ilikuwa imekwisha yote. Ile faili kubwa ilikuwa imeachia mstari mmoja tu, na programu ya Torgeir, iliyokuwa ikifanya kazi kwenye seva hiyo hiyo, ikaunyakua papo hapo.

"Programu yako inafanya nini?"

"Inakata kila mlio wa nyangumi na kuuweka peke yake."

"Kila mlio, faili?"

"Ni midogo mno. Haijazi hata kijiko."

"Kijiko! Imemaliza daftari zima, Torgeir."

Aliizima programu. Akajaribu kufuta milio yote kwa amri moja, mashine ikakataa: orodha ni ndefu mno. Akaandika amri ya kuitafuta na kuifuta mmoja mmoja. Mistari ikaanza kuachiwa, mia, elfu, na boya likapokelewa. Zilibaki dakika kumi na tisa.

Ndipo mkono wake ukasita.

"Sikiliza. Rekodi zako hazijafutika kabisa. Nikizima diski sasa hivi, pengine tutazifufua. Pengine. Lakini kila faili ya boya inayoingia inaweza kuandikwa juu ya rekodi hizo."

Torgeir alikaa chini. Kati ya saa elfu nane za rekodi hizo, alikuwa amesikiliza mia sita tu.

"Uwezekano ni kiasi gani?"

"Sijui. Nikikwambia namba nitakuwa nimeibuni."

Kwenye skrini, saa za rekodi za boya za Septemba zilikuwa zikiingia.

"Acha iandike," alisema Torgeir, na akageuza kiti chake akautazama ukuta.

Betri ilikufa boya likiwa limetuma rekodi hadi za tarehe nne Februari. Barafu huvunjika Aprili, na ni rekodi za mvunjiko huo ambazo Torgeir alikuwa amezisubiri. Ragnhild aliendelea kuliita boya kwenye masafa yake ya redio kwa saa nzima, ingawa alijua betri haifufuki.