Kadi ya Saba Inasema Atembee

Directeur Évariste, mkuu wa shule yetu ya ukunga, alikuwa hajazalisha mwanamke tangu mimi nikiwa shule ya msingi, lakini zile kadi za marudio alizizaa yeye. Alilisema hilo mwenyewe siku ya kuzizindua, mbele ya wageni wa shirika lililozichapisha, na wageni wakacheka kwa adabu. Kadi ishirini na nne, zimefunikwa plastiki, zinang'aa kuliko meno yake. Mbele ya kila kadi dalili, nyuma jambo la kufanya. Awamu ya kwanza mpaka njia ifunguke sentimita kumi, ya pili mpaka mtoto atoke, ya tatu mpaka kondo la nyuma litoke, kisha yale masaa mawili ya kumchunga mama asije akavuja damu huku watu wanapiga vigelegele. Kila anachotakiwa kukijua mkunga, ndani ya kasha la kutia mfukoni. Picha zilipigwa nyingi.

Kulikuwa na tatizo dogo. Kadi zilichapwa mbili mbili kwenye karatasi moja, ubavu kwa ubavu, na aliyepanga kurasa za nyuma alisahau kwamba karatasi ukiigeuza, cha kushoto kinahamia kulia. Basi kila kadi ilipata mgongo wa jirani yake. Kadi ya saba, mbele: moyo wa mtoto unapiga chini ya mia na kumi na haurudi. Nyuma: mama atembee, anywe maji, umtie moyo, pima tena baada ya nusu saa. Kadi ya nane, mbele: moyo wa mtoto kati ya mia na kumi na mia na sitini, maji safi. Nyuma: mlaze ubavu wa kushoto, simamisha dripu ya oksitosini inayoongeza uchungu, angalia kama kitovu hakijatangulia, mwite daktari mara moja. Kadi ya tisa, damu nyingi baada ya kuzaa: mpongeze mama, mtoto anyonye.

Yaani mzima akimbizwe kwa daktari, na anayekufa apongezwe. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilisikia wenzangu wanazikariri. Charlène, rafiki yangu, alikuwa amezitungia wimbo. Ana kichwa cha ajabu yule, lakini mwaka mzima wa mazoezi walimbebesha mabeseni tu. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ya usaidizi miaka sita katika kituo cha afya Cimpunda kabla ya kuingia shule, na moyo wa mtoto ukishuka naujua hata kabla sijamaliza kuhesabu.

Nikaenda ofisini.

"Directeur, hizi carte nyuma yake imegeuka," nilimwambia. "Carte ya saba iko na majibu ya nane."

Aliitazama kadi, kisha akanitazama mimi kama mtu aliyekuta nywele kwenye sosi.

"Mademoiselle Apolline, hizi carte zilipitia kwa ba-experts. Wewe uko expert ya nini?"

"Niko nasema tu mutoto anaweza kufa."

"Na mi niko nasema jury itatumia hizi carte. Ulianguka mtihani mwaka jana. Ukianguka tena, shule haikupokee. Soma carte."

Hapo alinishika pabaya. Nina miaka thelathini na mbili. Bila diploma ningerudi kijijini Miti kwa baba, na nilikuwa nimeapa sirudi.

Mtihani wa vitendo ulifanyika asubuhi, kwenye wodi, na mama halisi mwenye uchungu halisi. Nilipewa Francine, mimba ya pili, sentimita saba, dripu ya oksitosini inatiririka. Directeur alikaa kwenye kiti cha plastiki na kasha lake magotini. Nikapima kila kitu kwa utaratibu, nikaandika kwenye patogramu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu: uchungu mara nne kwa dakika kumi, maji ya kijani mazito. Nikahesabu moyo wa mtoto dakika nzima. Tisini na nne. Nikangoja uchungu mwingine upite, nikahesabu tena. Tisini na moja.

"Mademoiselle," directeur akasema, "ni dalili gani?"

"Moyo ya mutoto iko chini. Carte ya saba."

"Bien. Na carte inasema nini?"

Francine alikuwa amenikamata mkono. Nakumbuka niliwaza diploma kwanza, kabla ya mtoto. Sijivunii hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikafunga dripu.

"Maman Francine, ugeuke ku mbavu ya kushoto," nilimwambia. "Sasa nitakuangalia, usiogope." Kitovu hakikuwa kimetangulia, njia bado sentimita saba. Nikamtuma muuguzi amwite daktari Mugisho. Daktari alikuja, akasikiliza mwenyewe, akasoma patogramu yangu, akasema waandae chumba cha upasuaji. Mtoto alitoka amelegea, wakampulizia hewa kwa mfuko na kinyago, akalia. Msichana.

Directeur alikuwa ameshaandika. Sifuri kwa ishirini, na maelezo chini yake: *Vitendo havilingani na kadi.*

Mimi nililia chooni kwa hasira. Nadhani daktari Mugisho alisema neno, kwa sababu wiki iliyofuata directeur aliniita ofisini, mlango wazi. Wenzangu waliambiwa kwamba daktari yule anapenda kisu tu, mtoto hakuwa na shida. Charlène alikuwa amekaa pembeni kama mjumbe wa darasa, ashuhudie.

"Shule haina roho mubaya," directeur alisema. "Tunakupatia nafasi moja. Siulize maneno ya daktari. Nauliza carte. Carte ya saba: moyo iko chini ya mia na kumi. Unafanya nini?"

Francine na mtoto wake walikuwa wameshatoka hospitali, wazima. Nikajiambia hapa hakuna mgonjwa, ni maneno tu, hayaui mtu. Nikajiambia nikishapata karatasi nitafanya kazi sawasawa maisha yangu yote.

"Mama atembee," nikasema. "Anywe maji. Namutia moyo. Napima tena kisha dakika makumi tatu."

Niliyasema vizuri, kwa sauti, bila kukwama. Directeur alitabasamu meno yote na kuandika kumi na nane.

Leo mimi ni mkunga mwenye diploma, na wodini wananiheshimu. Charlène alishika nafasi ya kwanza, akapelekwa kituo cha afya karibu na Luvungi, mkunga peke yake, na kasha la kadi lilikuwa zawadi yake ya ushindi. Miezi miwili sikulala vizuri. Mwishowe, mchana mmoja, nikampigia simu. Nikamweleza karatasi ilivyogeuzwa, kushoto na kulia, saba na nane, tisa na kumi. Nikamwambia azitupe.



"Apolline, mi nilikuwa pale ku bureau," alisema. "Directeur alikuuliza carte ya saba. Ulijibu nini?"

"Niliogopa. Nilitaka diploma."

"Haukuogopa. Nilikusikia na masikio yangu. Ulisema muzuri kunipita. Sasa ulipata yako, unataka mi nitupe yangu?"

Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa akinicheka kwa upole, kama mtu anayemsamehe mwenye wivu. Nyuma yake mwanamke aliguna kwa uchungu.

"Nitakuita kisha," Charlène akasema. "Niko na maman hapa, namutembeza."

Nikamuuliza moyo wa mtoto unapiga ngapi. Alikuwa ameshakata simu.