Kinyozi Aliyechekeshwa Pichani

Jina la kuzaliwa la mwenye studio lilikuwa limelala kwenye kitambulisho, halimsumbui mtu. Mtaa mzima ulimwita Fleshi, kwanza kwa sababu ya kazi yake, pili kwa sababu ya hasira zake, ambazo zilikuwa zikiwaka mara moja na kuzimika kabla hujakaa sawa. Chumba chake cha mbele kilikuwa na stuli, pazia la kijivu na taa mbili za miguu mirefu. Cha nyuma kilikuwa na kompyuta, skana na feni iliyolalamika kutwa kucha.

Alhamisi asubuhi aliingia fundi bomba. Mtaani walimjua wote, maana hakuna sinki ambalo hajalilalia chini. Lakini siku hiyo hakubeba spana. Alikumbatia fremu iliyofungwa kwenye taulo, akaiweka mezani taratibu utadhani ina mtoto ndani.

"Huyu ni baba," alisema. "Nataka acheke."

Fleshi alifungua taulo. Picha ya rangi nyeusi na nyeupe, mwanaume wa makamo, shingo imenyooka, mdomo umefungwa, macho yamekaza kama anayesubiri kusomewa hukumu. Ilikuwa picha safi kweli.

"Marehemu?"

"Alifariki nina miaka mitatu. Na hii ndiyo picha yake pekee." Fundi bomba alivuta stuli, akakaa. "Jumamosi Mama anatimiza themanini. Tunataka tumwonyeshe kwenye sherehe, sapraizi. Ila nikuambie ukweli, dada, Mama ni kisingizio. Mimi sijawahi kumwona baba akigeuka. Sijamwona akipepesa jicho. Nakaribia hamsini, namjua hivihivi tu, kama stempu."

Hapo Fleshi aliingiwa na huruma, na huruma ndiyo iliyomponza. Kawaida yake ilikuwa kuuliza kwanza nani anamsemea marehemu, ndipo aiguse picha. Siku hiyo alianza na skana.

Alipoiingiza picha kwenye programu yake ya kuzipa picha mwendo na kuiambia mtu huyu atabasamu, wakasubiri dakika chache, feni ikilalamika. Kisha yule mzee wa kwenye fremu akapepesa macho, akafungua mdomo, akatabasamu. Meno thelathini na mawili, meupe pe, yamepangwa kama vigae vipya vya bafuni.

"Alhamdulillah!" fundi bomba aliruka. "Ndivyo alivyokuwa?"

"Unaniuliza mimi?" Fleshi alicheka. "Sijui. Na hii mashine haijui vilevile. Inabahatisha."

"Inabahatishaje?"

"Imefundishwa kwa video za watu chungu nzima. Imeona midomo mingi ikifunguka, ikajifunza kwamba mdomo wa namna hii ukifunguka, mara nyingi huonekana hivi. Picha yako mdomo umefungwa. Ndani hakuna habari yoyote. Kwa hiyo yale meno si ya baba, ni meno ya watu, ya wastani. Angalia." Akaiendesha tena, bila kubadilisha kitu. Safari hii mzee alitabasamu kwa upande, meno mafupi zaidi, na kishimo kikatokea shavuni ambacho mara ya kwanza hakikuwepo.

Fundi bomba alinyong'onyea. "Sasa nitajuaje yupi ni yeye?"

"Hutajua. Ila tunaweza kupunguza kubahatisha. Kuna namna ya pili: namrekodi mtu akisogeza uso, halafu programu inachukua jinsi macho yake, midomo na kidevu vinavyosogea, inavihamishia kwa aliye pichani. Uso unabaki wa baba, mwendo ni wa mtu mwingine."

"Basi nirekodi mimi. Si damu moja?"

Akakaa mbele ya kamera kwa furaha zote. Mara ya kwanza aligeuza kichwa kama anaitwa nyuma, na sikio la marehemu likavutika mpaka begani kama unga uliokandwa vibaya. Wakacheka mpaka fundi bomba akashika ubavu. "Picha imemwona kwa mbele tu," Fleshi alimweleza, "ukigeuka sana, inabidi ibuni ubavu mzima, inaharibu." Mara ya pili aligeuka kidogo tu, akaitikia kwa kichwa, akatabasamu kwa midomo iliyofungwa. Ikatoka safi. Sekunde sita. Fundi bomba aliitazama mara tisa, na mara ya tisa alifuta macho kwa taulo la fremu.

"Niwekee kwenye flashi, dada, niondoke."

Ndipo Fleshi alipokumbuka wajibu wake. "Mama yako anajua?"

"Nimekwambia ni sapraizi."

"Basi haitoki humu. Mumewe ni huyu. Marehemu hawezi kusema ndiyo wala hapana, anamsemea aliyemjua kuliko wote. Mlete kesho asubuhi, aione akiwa peke yake, si mbele ya wageni na keki."

"Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza!"

"Ulikuwa na miaka mitatu, kaka. Ulimjulia wapi?"

Ilikuwa kauli kali, na Fleshi aliijutia ilipomtoka. Fundi bomba alifura, akafurika, kisha akakubali kumleta. Wakati huo mteja wa picha za pasipoti alibisha hodi mbele, Fleshi akaenda kumhudumia. Dakika tano tu. Fundi bomba alibaki nyuma na kompyuta, na simu mfukoni.

Kilichotokea Fleshi alikijua kesho yake. Yule bwana aliielekeza simu kwenye skrini, akamrekodi baba yake, akamtumia dada yake na maneno haya: usimwonyeshe mtu. Dada mtu alijitahidi kweli. Alikaa na siri hiyo robo saa nzima, kisha akaitupia kwenye grupu la familia lenye watu arobaini na saba, Mama akiwemo.

Ijumaa Fleshi alipofika, alimkuta bibi mfupi amesimama mlangoni, mkoba umebanwa kwapani. Nyuma yake fundi bomba, kichwa chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyempa mume wangu meno?"

Kumbe hata ile ya kwanza ilikuwa imerekodiwa! Fleshi alimgeukia fundi bomba, na macho yake yalisema mambo ambayo mdomo ulijizuia kwa heshima ya mgeni. Akafungua mlango, akamkaribisha bibi ndani kwenye kiti kizuri, akasimama mbele yake.

"Nisamehe, mama. Ilinipasa nikuulize kabla sijaiweka hata kwenye skana. Kosa ni langu."

"Ni lenu wote wawili. Hebu washa nione vizuri, ile simu yangu ndogo."

Fleshi akawasha ile ya meno. Bibi aliitazama, akatikisa kichwa. "Alikuwa na pengo hapa, mbele kabisa. Huyu ni mtu wa tangazo la dawa ya mswaki." Akawasha ya pili, ya kuitikia kwa kichwa. Bibi alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Kisha akamnyooshea kidole mwanawe. "Na huyu ni wewe! Umeuvaa uso wa baba yako kama kofia. Hivyo ndivyo unavyoitikia nikikutuma sokoni na hutaki kwenda."

Fleshi alishindwa kujizuia, akaangua kicheko. Bibi naye kidogo acheke, akajikaza.

"Sikilizeni. Baba yako alikuwa kinyozi, na hapakuwa na mtu mwenye mzaha kama yeye. Watu walikuja kunyolewa hawana hata nywele, wamefuata vichekesho. Hakuna aliyemchukulia kwa uzito, hata kaka zangu. Siku moja akaniambia, nataka picha moja, moja tu, nionekane mtu mwenye akili timamu, watoto wangu waiheshimu. Tulikwenda wote. Mpiga picha alirudia na kurudia, kila akihesabu moja, mbili, huyu anacheka. Nilitolewa nje mimi, eti namchekesha. Mwisho akaweza. Alitoka anatokwa na jasho kama aliyebeba mawe. Akasema, mke wangu, hapo nimetulia, na mniache nimetulia hivyohivyo." Bibi aligonga meza. "Kwa mdomo wake. Sasa nyie mmemwuliza nani?"

"Sikujua, Mama," fundi bomba alisema.

"Ungejuaje, kama hukuuliza? Mimi nipo!"

"Upo, ndiyo! Na wewe unaye!" Sauti ilimtoka yule bwana mkubwa ikapasuka katikati. "Ukifumba macho unamwona anacheka, anatembea, anakutania. Mimi nikifumba macho naona fremu. Nimetafuta hata kitu kidogo kichwani mwangu, hata mkono wake tu, hakuna. Sikutaka kumvunjia heshima. Nilitaka nimwone, Mama. Basi."

Fleshi aliangalia kibodi, hakujua pa kuyapeleka macho yake. Alimwonea uchungu yule bwana, na alijua pia kwamba bibi yuko sahihi, na kwamba kompyuta yake yote haikuwa na msaada hapo.

Bibi alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili. "Miaka yote hii hujaniambia," alisema polepole. "Nikadhani humtaji kwa kuwa humkumbuki." Kisha akamgeukia Fleshi. "Hizi za uongo zifute. Na wewe, mwambie dada yako azitoe kwenye hilo grupu."

Fleshi alifuta mbele yake: nakala ya skana, video zote za mzee, na zile za fundi bomba akisogeza uso. Akamwonyesha kwamba hakuna kilichobaki. Fundi bomba alimpigia dada yake, kwa sauti ya chini.

"Sasa niwekee stuli kule mbele," bibi alisema, "kwenye pazia."

"Mama, unataka kupigwa picha?"

"Nataka kumwonyesha baba yake. Na mimi nabahatisha, miaka mingi imepita. Lakini mimi nilikuwepo."

Fleshi alinyanyua kamera. "Nikurekodi?"

"Mimi niko hai na nimekubali. Rekodi. Ila uso wake usiuguse tena."

Bibi aliweka mkoba chini, akavuta stuli, akasimama nyuma yake kama kuna mteja amekaa. Akaunyoosha mgongo wake wa miaka themanini, akatoa tumbo mbele, akachukua mkasi ambao haupo. Alinyoa hewa, akisogea kwa hatua fupi za pembeni kama kaa, kidole kidogo kimesimama. Akainama kwenye sikio la yule mteja asiyekuwepo, akamnong'oneza kitu. Kisha akacheka. Mabega yalianza peke yake, juu chini, juu chini, bila sauti hata kidogo, macho yamefumbwa, kiganja kimefunika mdomo penye pengo. Ilichukua muda. Ndipo sauti ikaja, nyembamba, ya juu, ya ajabu kutoka kwa mtu wa tumbo lile, na akaipiga stuli kwa kiganja mara tatu.

Fundi bomba alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameikunja, mdomo wazi. Machozi yalikuwa yanatiririka na yeye anacheka, wala hakuyafuta.

"Tena, Mama," alisema.

Bibi akavuta pumzi, akashika mkasi wake, akarudi nyuma ya stuli.