Kigoda Kilichosahauliwa Wima

Jumapili jioni, mjini Mampong, Twumwaa alikula nusu ya wali wake, akainuka kwenda kuvitazama viatu vyake vya shule, akasahau kulaza kigoda.

Nyumbani kwao ukiinuka unakilaza kigoda chako ubavu. Kigoda ni cha mwenyewe. Ukikiacha wima, mtu asiye na pa kukaa atapita, akione, akae. Twumwaa alilijua hilo tangu akiwa mtoto wa kutambaa. Lakini siku hiyo kichwa chake kilijaa shule mpya, na kichwa kikijaa, kitu lazima kidondoke.

Walikuwa wamehamia hapo wiki iliyopita, yeye na mama yake, Maame Serwaa, fundi cherehani. Mchana ule ule mama alimpeleka kuiona shule ikiwa tupu. Walitembea mpaka getini, wakachungulia darasa la pili, wakatafuta choo kilipo, nyuma ya mapipa ya maji. Mama alimwonyesha mwarobaini ulio nje ya geti. "Kengele ya mwisho ikilia, nitakuwa nimesimama hapa," alisema. Twumwaa aliutazama mti ule vizuri asije akaukosa.

Hata hivyo usiku alilala kwa shida. Asubuhi tumbo lilimuuma, uji wa mahindi haukupita, na bajia ya kunde aliigeuza geuza tu mkononi. Tumbo lilikuwa linauma kweli, msidhani alikuwa anadanganya. Hofu inapenda sana kukaa tumboni.

Akaenda kuchukua kigoda chake. Shule ile haina madawati ya kutosha, kila mtoto hubeba pa kukaa. Juu ya kigoda alikuwa amekaa msichana mdogo, kichwa kimenyolewa, amejitanda kitambaa mwilini, fundo nyuma ya shingo. Miguu yake haikugusa sakafu.

"Maame," Twumwaa aliita, "kuna mtu kwenye kigoda changu."

Mama alikuja na sindano mdomoni. Akamtazama yule msichana, akalitazama pengo la meno ya mbele, akaitoa sindano.

"Nani hakulaza kigoda jana?"

Twumwaa alitazama chini.

"Haya. Huyu ni Nana Pokuaa, bibi yangu aliyemzaa mama. Alifariki akiwa mzee kabla sijazaliwa, ila pengo hilo la utotoni mama yangu alinisimulia. Msalimie. Nana, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, mjukuu wangu," alisema yule mtoto. "Nimekuja kwenda shule. Ila tumbo linaniuma."

"Na mimi pia," alisema Twumwaa.

Mama aliwagawia bajia. Kisha akakata vipande viwili vya kitenge alichokuwa amevaa, akawapa kila mmoja chake cha kushika hofu ikija. Cha Twumwaa kiliingia mfuko wa sare. Nana, kwa kuwa hakuwa na mfuko, alikishika mkononi.

Kigoda walikibeba wawili, huku mmoja na huku mmoja. Njiani Nana aliuliza maswali yale yale yaliyomkosesha Twumwaa usingizi.

"Nikitaka choo je?"

"Kiko nyuma ya mapipa. Unanyoosha mkono, unaomba ruhusa."

"Nikipotea je?"

"Hupotei, Nana. Chumba chetu ni cha tatu kutoka kwenye bomba la maji."

"Na wasipotaka kucheza na mimi?"

 Twumwaa alifikiri mpaka walipolipita duka la mkate. "Tutacheza wewe na mimi kwanza," alisema, "halafu tutaona."

Kadiri alivyojibu, ndivyo tumbo lake lilivyotulia, kidogo kidogo. Lakini walipofika getini na kusikia kelele za watoto, hofu ilirudi yote. Miguu ya Twumwaa ilikataa. Miguu ya Nana nayo ikakataa.

"Nataka kurudi nyumbani," alisema Twumwaa, machozi yakamtoka.

Maame Serwaa alichuchumaa. "Najua unaogopa. Ukirudi leo, kesho geti hili utaliona kubwa zaidi. Utaingia na hofu yako hivyo hivyo, itakuzoea na wewe utaizoea. Mimi nitakuwa wapi?"

"Kwenye mwarobaini."

"Lini?"

"Kengele ya mwisho."

Aliwakumbatia mara moja, akaondoka bila kugeuka. Alitamani kuwatazama, ila alijua akigeuka tu, wote wawili watamfuata.

Mlangoni alisimama Madam Konadu, mwalimu wa darasa la pili, mwanamke mwenye sauti ya pole. Jina la Twumwaa alilikuta kwenye orodha. La Nana hakulikuta.

"Ana cheti cha kuzaliwa?"

"Nilipozaliwa havikuwepo," alisema Nana.

"Basi tupime mkono, ndiyo kanuni. Upitishe juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili; ukilifikia, umefika umri wa shule."

Nana aliupitisha mkono. Alinyoosha mpaka akajipinda shingo. Vidole viliishia juu kidogo ya sikio.

"Bado," alisema Madam Konadu. "Rudi mwakani."

"Ndivyo nilivyoambiwa hata mara ile," alisema Nana. "Mwaka ulipofika, kulikuwa na mdogo wangu wa kubeba mgongoni. Shule akaenda kaka yangu."

"Pole sana, Nana. Kanuni sikuitunga mimi. Lakini kigoda si cha shule, ni cha Twumwaa. Anaweza kumkaribisha amtakaye."

Basi walikaa wawili, nusu kwa nusu. Madam aliita majina. Akafika kwa Twumwaa. Watoto wakageuka. Mmoja akacheka. Twumwaa aliingiza mkono mfukoni, akakibana kile kitambaa cha mama, akavuta pumzi taratibu kwa pua. Madam alingoja bila kurudia jina.

"Nipo," alisema Twumwaa, kwa sauti ya sisimizi.

"Nimekusikia. Karibu. Dufie, wewe utakuwa mwenzake leo. Mwonyeshe bomba, mle pamoja."

Dufie alikuwa msichana mrefu mwenye goti lenye kidonda. "Huyu naye anacheza?" aliuliza wakati wa mapumziko, akimwonyesha Nana kwa kidevu.

"Anacheza."

"Haya, twende kuruka. Ila wafu wasidanganye."

"Sidanganyi mimi," alisema Nana, akawashinda wote. Hofu ilikuwepo bado, lakini Twumwaa aliikumbuka mara chache tu, na mara moja aliisahau kabisa.

Kengele ya mwisho ililia. Mama alikuwa chini ya mwarobaini, uzi umeng'ang'ania bega lake. Twumwaa alimkimbilia akisimulia kabla hajafika. Mama alimsikiliza, akauliza, "Na kigoda?"

"Nimekiacha darasani."

"Umekilaza?"

Watoto wengine wote walikuwa wamelaza vigoda vyao, vimepangwa ukutani. Kimoja tu kilisimama wima katikati ya darasa.

"Hapana," alisema Twumwaa. "Nimekumbuka kutokukilaza."

Mama alimshika mkono wakaenda nyumbani.

Kesho yake tumbo liliuma kidogo, na uji ulipita. Twumwaa alimkuta Nana darasani, amekaa upande wake wa kigoda, amesogea kumwachia nafasi. Madam Konadu aliita majina yote. La Nana halikuitwa, kwa hiyo Nana alisimama mwenyewe, akaenda mbele, akaupitisha mkono wake juu ya kichwa. Darasa zima lilitazama vidole. Watoto wa Madam wanajua kwamba waliokufa hawarefuki, lakini walitazama hivyo hivyo.

"Bado, Nana," alisema Madam. "Rudi mwakani."

"Ndiyo, Madam," alisema Nana, akarudi kukaa, akaanza kuandika.