Braketi ya Kulalia

Kazi yangu ni kufunga TV ukutani, na ugomvi wangu na watu wa mjini ni mmoja tu: wanazitundika juu mno. Mtu ananunua kioo kizuri, anakipandisha karibu na dari kama picha ya mkubwa wa ofisi, halafu baada ya wiki mbili ananipigia simu kuwa shingo inamuuma. Ukimuuliza alipimaje, anasema usawa wa macho. Kumbe alipima amesimama. Nani anaangalia TV amesimama? Huwa nawaambia hivyo hivyo, bila kupaka mafuta, na ndiyo maana wateja wangu ama wananipenda sana ama hawanirudii.

Siku hiyo nilienda nimejiandaa kugombana, nikakuta hakuna la kugombania. Aliyenipigia simu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari. Mama yake alikuwa ameanguka, akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na sasa alikuwa amerudi nyumbani kwake. Mwalimu mkuu alitaka TV ifungwe chumbani, ukuta wa miguuni pa kitanda, ili mama apumzike. Alikuwa ameshanunua braketi ya kuishikilia ukutani, ile inayoinamisha kioo mbele, na alama ya penseli alishaiweka mwenyewe: sentimita mia moja na hamsini, katikati ya kioo.

Nilitafuta kosa, nikalikosa. Mtu aliyelala kwenye mito macho yake yanaelekea juu kidogo, kwa hiyo TV ya kitandani inaruhusiwa kupanda kuliko ya sofa, mradi iinamishwe imtazame. Alikuwa amepima kila kitu. Aliniacha na ufunguo wa geti, akasema ana kikao na atarudi saa nane.

Mama mtu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, fremu yake ya kutembelea mbele yake. Zamani alikuwa mwamuzi wa netiboli, na mtaa mzima ulikuwa bado unamwita Filimbi. Alinitazama nikifungua boksi.

"Hiyo ni ya nini, mwanangu?"

"Braketi, mama. Inainamisha TV, uangalie ukiwa umelala."

"Nani kakwambia nitalala?"

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Hospitali wameniambia nitembee. Kila siku, kidogo kidogo. Huyu binti yangu kanihamishia chumbani redio, chai, simu, sasa anahamisha na TV. Akimaliza atanihamishia kaburi, nisisumbuke kulifuata. Kaifunge sebuleni."

Nilijua nimeingia katikati ya mambo yasiyonihusu. Nikaona nitafute njia ya kumridhisha kila mtu, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi, na nikifanya naharibu. Nikamwambia nina braketi ya mkono kwenye gari. Hiyo unaivuta kutoka ukutani na kuigeuza kushoto au kulia. Ukuta wa chumbani ni wa tofali zima, utaubeba mkono hata ukivutwa mpaka mwisho. Akiwa kitandani TV imtazame kitandani, akihamia kwenye kiti cha dirishani igeuzwe imtazame huko.

"Yaani itanifuata?"

"Itakufuata, mama."

"Sitaki kitu cha kunifuata. Nataka kitu nikifuate mimi."

Nikapata hasira, si kwake, kwa nafsi yangu. Miaka yote nawafokea watu kwa kupima macho ya mtu ambaye si mtazamaji, na mimi hapa nilikuwa nafunga TV kwa macho ya binti.

"Lakini hii uliyonayo ni ya kulalia," akasema, kama anayeanza kukata tamaa.

"Hapana, mama. Inainama ukiiinamisha. Usipoiinamisha inasimama wima, inakaa kama zile za kukazwa moja kwa moja. Sebuleni itafaa."

"Kumbe inaweza kusimama."

"Inaweza."

"Basi tuko wawili," akasema, akashika fremu.

Alitembea mwenyewe mpaka sebuleni. Ilichukua muda, na mimi nilimfuata nyuma na drili. Akaketi kwenye sofa, nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye macho yake: tisini na nane. Nilikuwa nimeshaandika ukutani aliponipigia kelele za kiamuzi.

"Faulo. Mimi hospitali wamenikataza kukaa chini sana. Lete ile mito."

Nilikuwa nimesahau. Mwenye nyonga mpya hakai kwenye sofa linalozama, magoti yasije yakapanda juu ya nyonga. Tukaweka mito miwili migumu, nikamsaidia kuinuka, akakaa tena, nikapima upya. Mia moja na kumi. Nikafuta alama ya kwanza kwa kiganja. Matundu ya nyuma ya TV yalikuwa chini ya katikati ya kioo kwa sentimita nne, basi braketi nikaiweka mia moja na sita. Nilihepa ule mstari wa juu ya soketi ambako waya hupanda ndani ya ukuta, nikatoboa mashimo manne, nikagongea plagi za plastiki za kushika skrubu, nikakaza skrubu, nikahakikisha kwa pimamaji kuwa imenyooka. Nikaileta TV kutoka chumbani, nikaitundika, ikakaa. Filimbi akaangalia kioo cheusi, shingo imenyooka, akaitikia kwa kichwa kuridhika, kisha akarudi chumbani kwa miguu yake kujilaza kidogo.

Mwalimu mkuu akaingia nikiwa nafagia vumbi. Alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Nilisema chumbani."

"Ulisema, dada."

"Ondoa. Irudishe nilipoweka alama."

"Alama yako ilikuwa sahihi kabisa kwa mtu anayelala. Mama yako anakaa. Nimepima anayeangalia, na siondoi."

Alinitolea macho. Nilidhani atanifukuza, badala yake sauti ilimkatika. "Wewe hukumkuta sakafuni. Mimi ndiye niliyemkuta, alikuwa hapo tangu asubuhi. Unajua nilivyoogopa?"

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Lakini sikushika bisibisi.

"Ulinikuta sakafuni mara moja," Filimbi akasema kutoka kwenye korido. Alikuwa amesimama na fremu yake, nywele zimevurugika kwa mto. "Unataka unikute kitandani kila siku."

Binti alimkimbilia na mikono mbele.

"Usinishike."

"Mama, tafadhali."

"Nitembee upande gani ukiwa umejaa njiani hivyo? Pisha."

Akapisha. Fremu, mguu, mguu. Fremu, mguu, mguu. Mwalimu mkuu alitembea kinyumenyume mbele yake, mikono ikiwa hewani bila kumgusa, na machozi yanamtoka wala hayafuti. Filimbi akafika, akageuka polepole, akakaa juu ya mito yake miwili. Alikuwa anahema. Akaiangalia TV, akatuangalia sisi.

"Mbona hamuwashi?"

Nikatafuta rimoti. Haikuwa mezani wala ndani ya boksi.

"Iko chumbani," mwalimu mkuu akasema kwa sauti ya chini. "Niliiweka chini ya mto wako. Ngoja nikakuletee."

"Kaa," mama yake akamwambia. Akashika fremu kwa mikono miwili, akainuka.

Mwalimu mkuu alinitazama mimi, akautazama mlango wa korido. Kisha akaweka mkoba chini, akakaa kwenye sofa, akaifunga mikono yake katikati ya magoti. Tukasikiliza hatua zikienda.