Alama Moja ya Swali la Saba

Ni siku ya nne nasahihisha swali la saba, na swali la saba tu. Ndivyo ukumbi huu unavyofanya kazi: kila mwalimu ana swali lake, karatasi inapita mezani kwake, anaweka alama kwa kalamu nyekundu, anaisukuma kwa jirani. Mwenzangu wa swali la sita amepata ramani, mwenye bahati zake. Mimi nimepata utumwa.

"Eleza kwa kifupi athari tatu za biashara ya watumwa kuvuka bahari kwa jamii ambazo watu wao walichukuliwa. (Alama 3)"

Mwongozo una hoja nane zinazokubalika. Vijana wenye nguvu walichukuliwa, mashamba yakakosa wakulima, njaa ikaingia. Watawala waliuza mateka ili wapate bunduki, kisha wakatumia bunduki hizo kuteka wengine. Ufumaji na ufuaji wa chuma ulidhoofika. Kosa dogo barazani likawa sababu ya kumuuza mtu. Ya nane ni hofu na kutoaminiana. Chini yake, kwa herufi nzito: mfano bila hoja haupewi alama.

Nimeshasoma majibu zaidi ya elfu mbili. Nikifumba macho wakati wa chakula naona watu wamefungwa shingo kwa shingo, wanatembea kuelekea majini, na kila mmoja ana tiki nyekundu kifuani. Naogopa, lakini namaliza kula, maana saa nane kuna mafungu mengine ya karatasi.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimempa mtahiniwa mmoja alama mbili. Hoja zake mbili za kwanza zilikuwa safi. Ya tatu aliandika hivi:

"Watekaji walijifunza majina ya watoto, wakajificha na kuwaita. Wazazi wakawafundisha watoto wasiitike mpaka waitwe mara tatu, kwa sababu mtekaji aliogopa kusikika akiita mara nyingi. Nyumbani kwetu bado hatuitiki mara ya kwanza."

Mfano bila hoja. Sifuri. Nikasukuma karatasi kwa jirani. Mimi si mtu wa huruma kazini, na najivunia hilo.

Alasiri nilikuwa nimeinamia karatasi nyingine nikahisi mkono begani.

"We mwalimu, una masikio ya mapambo?" Alikuwa mama wa kujumlisha, yule anayehakiki hesabu zetu mwisho wa meza. "Nimekuita jina lako mara ya tatu sasa."

"Nilikusikia."

"Ulinisikia ukanyamaza?"

Kweli nilikuwa nimemsikia. Mara ya kwanza nilisikia jina langu kabisa. Nilikuwa nasubiri.

Alinipa karatasi. "Huyu ana ishirini na tisa. Kufaulu ni thelathini. Waliopungukiwa alama moja mnawapitia upya, kila mtu swali lake. Wenzako wote wameshamaliza, hawakubadilisha kitu. Umebaki wewe."

Ilikuwa karatasi ile. Nikaisoma tena. Mama yangu mzazi alitulea hivyo hivyo. Ukiitika ya kwanza, kofi. Tulipomuuliza kwa nini, alisema na yeye alikuta hivyo kwao, tusimchoshe. Tulidhani ni ukali wake tu. Nilimchukia kwa hilo mpaka tulipomzika.

Niliipeleka kwa kiongozi wa jopo, mzee mpole asiyependa mabishano.

"Hiki ni kisa cha nyumbani kwao," alisema. "Hoja iko wapi?"

"Hoja ya nane. Hofu."

"Neno hofu hajaliandika."

"Hajaliandika kwa sababu anaishi nalo. Sisi tumeuliza athari. Athari hii bado inatembea."

"Ushahidi, mwalimu?"

"Niite."

Alinitazama kama mtu anayehofia kuwa joto la ukumbi limenipanda kichwani. Kisha akaniita jina langu, taratibu. Nilikuwa nimesimama mbele yake, nikataka kuitika, na koo likakataa. Akaniita tena. Kalamu za meza za karibu zilikuwa zimesimama. Mara ya tatu nikasema, "Naam," na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto.

Mzee alichukua kalamu yake. Alifuta sifuri kwa mstari mmoja, akaandika moja, akatia saini, akanipa na mimi nitie yangu. Thelathini. Kisha akavuta mwongozo, na pembeni ya hoja ya nane akaandika kwa mkono: na mazoea ya hofu yanayorithiwa. Kesho tungefungua upya mafungu yote niliyokwisha kuyafunga, maana sikukumbuka ni wangapi wengine niliwapa sifuri kwa jibu kama hilo.

Nilifika nyumbani jua bado lipo. Binti yangu ana miaka sita. Niliapa tangu mimba kwamba kofi lile halitamfikia, na sijawahi kumfundisha habari ya kuitwa mara tatu. Nilisikia maji yakimwagika jikoni, anaosha kikombe chake. Nikasimama mlangoni nikamwita, mara moja.

Maji yakanyamaza. Yeye pia.