Karai la Nwanyieke na Ahadi ya Ichie

Lolo Ezinwanne, mwenyekiti wa mkutano wa wanawake, alitaka kipengele kimoja tu kiondolewe kwenye kumbukumbu. Alimvuta Ugodiya pembeni ya ukumbi kabla kikao cha kufunga Agosti hakijaanza, akamshika kiwiko kama mtu anayemtuma mtoto dukani.

"Katibu, ile ya mume wangu uitoe. Andika alituunga mkono, inatosha."

"Aliahidi naira milioni mbili, Lolo. Kwa kipaza sauti. Watu wakapiga makofi."

"Makofi si risiti," Lolo alisema, akaenda zake kupokea simu.

Ugodiya alibaki ameshika faili lake. Wiki mbili alikuwa ameyameza haya. Kila Agosti wake wa mji huu hurudi kutoka Lagos, Onitsha na kwingineko kupanga maendeleo ya nyumbani, na mwaka huu walikuwa wanajenga wodi ya wazazi pale zahanati. Siku ya kuchangisha, Ichie Ozoemena, mume wa Lolo, alisimama na kofia yake nyekundu ya wenye cheo cha Ichie, akasema paa lote ni juu yake. Akakaribishwa meza kuu. Akapewa kokwa ya kola avunje, heshima ya wakubwa. Akapigwa picha mpaka mashavu yakamchoka kwa kutabasamu. Tangu siku hiyo hajatoa hata ya msumari.

Na Nwanyieke je? Huyo ni mjane, anakaanga akara, bhajia za kunde, pale njia panda, na kila anayepanda gari asubuhi mji huu amekula mapishi ya mkono wake. Mchango wa kila mwanamke ulikuwa naira elfu tano, naye hakuwa nazo kwa tarehe iliyowekwa. Deni la mkutano haliendi mahakamani. Wakusanyaji wa mtaa wanakuja nyumbani, wanabeba chombo, na chombo kinafungiwa stoo ya ukumbi mpaka ulipe. Walipofika kwa Nwanyieke walibeba karai lake la kukaangia. Jamani, umemdai mtu halafu umechukua kile anachotafutia pesa za kukulipa, unategemea alipe na nini? Tangu hapo watoto wake walikuwa wanashindia mihogo ya kuombaomba. Yeye mwenyewe leo alikuwa amekaa karibu na mlango wa ukumbi, maana mwenye deni haketi mbele wala hapewi nafasi ya kusema.

Kikao kilifunguliwa kwa sala, na Ugodiya akasimama kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Hakutoa kitu. Alisoma bajeti: kuta na saruji zitatoka kwenye michango ya wanawake, mbao na mabati kwenye ahadi ya Ichie Ozoemena. Akasoma azimio, neno kwa neno jinsi lilivyotamkwa siku Lolo alipowakasirikia maskini wa mtaa wa Obinagu: "Kila anayedaiwa na mradi huu, iwe mchango au ahadi, na awe yeyote, afuatwe kwake na chombo kibebwe. Hoja ya Mwenyekiti, imeungwa mkono na Mama Nwakaibie." Akasoma wakusanyaji. Mtaa wa Amuda alijichukulia Lolo mwenyewe, kwa sababu ndiko anakokaa na huko watu hulipa bila kufuatwa.

Sasa ujue, kumbukumbu hazisikilizwi na mtu. Ndio wakati wa kufunga vilemba vizuri na kuulizana habari za wakwe. Lolo alikuwa anainong'oneza simu mambo ya chakula, maana mumewe alikuwa na wageni siku hiyo. Tena alikuwa ameshatoa agizo, na kwake agizo likitoka limetekelezwa. Ugodiya alipofika mwisho, Lolo aliuliza kama kuna masahihisho. Hapakuwa nayo. Mama mmoja akatoa hoja zithibitishwe, mwingine akaunga mkono, mikono ikanyooshwa. Lolo akasaini huku simu iko sikioni.

"Yatokanayo," Ugodiya alisema. "Taarifa za wakusanyaji. Obinagu, limebebwa karai moja. Amuda?"

"Amuda hakuna deni," Lolo alisema.

"Na milioni mbili za paa?"

"Hiyo si tumeitoa?"

"Imesomwa, Lolo. Imethibitishwa, na sahihi ni yako."

Mama Nwakaibie, ambaye hamwogopi mtu tangu alipozaa mapacha mara mbili, akacheka hadi akajishika mbavu. "Mwenyekiti, azimio ni lako, nilikuunga mkono mimi. Twende basi ukakusanye. Au kwenu hakuna chombo?"

Ukumbi ulilipuka. Lolo alipiga kengele ya meza, akadai utaratibu, akasema Ichie ni mtu mkubwa.

"Ndiyo maana ahadi yake ni kubwa," sauti ikatoka nyuma. Wanawake walikuwa wameshasimama.

Walikwenda kwa miguu, sare zao nyeupe zimejaa barabara, Lolo mbele maana mkusanyaji ndiye anayetangulia. Ichie alikuwa barazani na wageni wake, pombe ya mchikichi kwenye bilauri, na katikati ya meza sahani ya akara za moto. Nwanyieke aliiona sahani ile akasimama. Kisha, bila kumwomba mtu ruhusa, akakunja kona ya nyumba kuelekea jikoni. Ugodiya akamfuata.

Lilikuwa juu ya moto. Karai lenyewe, lile lenye mpini mmoja uliofungwa waya, limejaa mafuta, na msichana wa kazi anageuza akara ndani yake.

"Lolo alilileta siku ileile lilipobebwa," msichana alisema. "Alisema stoo litapata kutu."

 Mali ya mjane ilitakiwa ikae chini ya kufuli. Lolo alikuwa anaila kila asubuhi na chai.

Nwanyieke alimsogeza msichana pembeni. Aliepua karai, akamwaga mafuta kwenye ndoo, akalifuta ndani na nje kwa khanga yake ya kiunoni, akajitwika, akarudi nalo barazani. Walipoliona kichwani kwake, wanawake waliokuwa wakizozana na Ichie waliacha ugomvi, wakampisha. Mgeni mmoja akairudisha akara yake sahanini.

"Mama, chukua tu, deni lako nitalilipa mimi," Lolo alisema, sauti imemshuka. Alikuwa tayari anafungua mkoba.

"Usinilipie," Nwanyieke alisema. "Karai la kukodi mji huu ni naira mia tano kwa siku, na Lolo unajua, umekodi mengi. Hili umelitumia wiki mbili kamili. Hiyo ni elfu saba. Toa mchango wangu elfu tano, umpe mweka hazina. Elfu mbili nipe mimi hapa, nikanunue kunde."

Mweka hazina alinyoosha mkono. Lolo alihesabu noti mbele ya wageni wa mumewe, huku elfu tano, huku elfu mbili.

Ugodiya alifungua faili, akaandika mchango umepokelewa. Kisha akamgeukia Lolo, akamwonyesha kile kiti cha kuchongwa ambacho Ichie hukikalia akiwa na wageni.

"Amuda, Mwenyekiti. Mkusanyaji ndiye anayebeba."

Ichie alitazama macho yale yote, akayatafuta ya mkewe, hakuyapata. Akainuka.

Lolo akajitwika kiti. Walipoanza kushuka kwenda ukumbini, Nwanyieke na karai lake walikuwa mbele, na hakuna aliyemwambia arudi nyuma.